Barafu kwenye bomba la kiyoyozi: angalia imeanzia wapi kabla hujafungua mtungi wa gesi

Mteja akipiga simu kusema "bomba linaganda", mafundi wengi wa hapa Kigoma hufika na mtungi wa gesi begani. Wakati mwingine wanapatia. Tatizo ni kwamba koili iliyoganda huonyesha presha ndogo kwenye geji hata kama gesi imejaa, kwa hiyo anayefunga geji kwanza ataona anachotaka kuona, ataongeza gesi, na kiyoyozi kitapoa siku chache kisha kigande tena. Hapa nazungumzia viyoyozi vya ukutani vya kawaida, vile vya yuniti mbili ambavyo vimejaa madukani na maofisini kuanzia mjini hadi Mwanga na Ujiji. Mifano ya presha ni ya gesi ya R410A.

Tuanze na koili yenyewe. Gesi ikishapita kwenye kapilari presha yake hushuka, inaingia koili ya ndani ikiwa na kimiminika kingi, na humo inachemka. Inapochemka inavuta joto la hewa ya chumba. Ni presha inayoamua inachemkia kwenye nyuzi ngapi. Kiyoyozi kizima kikiwa kazini, geji ya bomba nene husoma kati ya 115 na 130 psi, na hapo koili iko kwenye nyuzi kama 4 hadi 8. Ni baridi ya kutosha kukamua unyevu wa hewa ukadondoka kama maji, lakini maji hayo hayagandi. Presha ikishuka chini ya 100 psi hivi, koili imevuka sifuri. Maji yaliyokuwa yanateleza kwenye mapezi yanaganda, barafu inaziba nafasi kati ya mapezi, hewa inapungua, presha inashuka zaidi, na mambo yanakimbia kuelekea kubaya.

Kuna njia kuu mbili za kufika chini ya 100. Ya kwanza, hewa ya chumba haifiki kwenye koili ya kutosha, hivyo gesi haina joto la kuivukisha. Ya pili, gesi yenyewe ni kidogo kiasi kwamba haijazi koili. Ukiangalia geji tu, njia zote mbili zinafanana. Ukiangalia barafu, hazifanani hata kidogo.

Hewa ikiwa kidogo, gesi inapita koili nzima bila kumaliza kuchemka. Koili yote inakuwa baridi sawasawa, kwa hiyo barafu hujaa kuanzia mwanzo hadi mwisho, halafu kimiminika kinachobaki kinaendelea kuchemka ndani ya bomba nene hadi nje. Utakuta bomba nene limevaa barafu chini ya sponji, valvu yake kwenye yuniti ya nje ina theluji, na mara nyingine hata tumbo la kompresa linatoa jasho la baridi. Hiyo ya mwisho isikuchekeshe: kompresa imetengenezwa kusukuma mvuke, na kimiminika kikirudi mle kinaosha oili kwenye bearingi.

Gesi ikiwa kidogo, hali ni kinyume. Kimiminika kichache kinachoingia kinachemka chote kwenye mizunguko ya kwanza ya koili. Hapo ndipo penye barafu, pamoja na bomba jembamba na nati yake kwenye yuniti ya nje, kwa kuwa kapilari ya viyoyozi vingi vya aina hii imo ndani ya yuniti ya nje na bomba jembamba tayari liko upande wa presha ndogo. Sehemu iliyobaki ya koili ni kavu, na bomba nene ukilishika ni la uvuguvugu au baridi kidogo tu, halina hata jasho.

Kwa hiyo kabla ya kufunga chochote, vua sponji karibu na valvu za nje na ushike mabomba yote mawili. Nene lina barafu: fikiria hewa. Jembamba tu lina barafu na nene ni kavu: fikiria gesi. Tahadhari moja ni kwamba kiyoyozi chenye gesi kidogo kikiachwa kikaganda siku nzima, barafu ya mwanzo wa koili itasambaa na kuziba hewa, na dalili za pande mbili zitachanganyika. Ndiyo maana usomaji wa maana ni ule wa baada ya kuyeyusha, kiyoyozi kikiwa kimewaka upya kwa dakika kama 15.

Kuyeyusha hakuna ujanja. Weka rimoti kwenye feni tupu, spidi ya juu, kompresa isiwake, uache saa moja hadi tatu kulingana na unene wa barafu. Tandika ndoo na matambara, kwa sababu maji yatakayoshuka yatazidi uwezo wa trei. Usichokonoe barafu kwa bisibisi wala kisu. Mapezi ya alumini yanajikunja kwa kidole tu, na bomba la koili lililotobolewa litakugharimu kuliko kazi yote uliyoitiwa. Mteja akikuharakisha, mwambie arudi mchana.

Nichukue kazi moja ya duka la dawa kule Mwanga. Kiyoyozi ni cha 12,000 BTU, si cha inveta, kinawashwa asubuhi na kuzimwa usiku. Malalamiko: kinapoa vizuri kama saa mbili, halafu upepo unakuwa mdogo, kinaanza kudondosha maji juu ya kaunta, na mwisho hakipoi kabisa. Fundi aliyetangulia alikuwa ameongeza gesi mara mbili. Kila alipoongeza, kilipoa siku kadhaa.

Nilikuta bomba nene limeganda hadi kwenye valvu ya nje na koili nyeupe yote kuanzia kushoto hadi kulia. Geji ilisoma 85 psi, ambayo kwa R410A ni nyuzi kama 4 au 5 chini ya sifuri. Kwa namba hiyo peke yake mtu angeweza kusema gesi imeisha. Lakini barafu ilikuwa imeshasema vingine: bomba nene lenye theluji halitokani na gesi kidogo. Nikayeyusha.

"Fundi, usiniambie ni filta," mama mwenye duka akaniwahi. "Filta naziosha kila Jumamosi, kwa mikono yangu."

"Mama, filta zako ni safi, nimeziona. Hebu nishikie tochi hapa."

Nikainua vile vibao vya kuelekeza upepo, nikamwomba amulike ndani, kwenye feni ya ndani, ile ndefu yenye vijipanga vingi vilivyopinda. Kila kijipanga kilikuwa kimejaa vumbi lililogandamana, bonde lote la kijipanga limejaa mpaka feni imekuwa kama gunzi la mahindi. Feni ya namna hiyo inazunguka kwa spidi yake ileile na sauti yake ileile, ila haichoti hewa. Ndiyo maana ukisikiliza tu hutajua.

Filta safi na feni chafu vinawashangaza wengi. Neti ya filta inashika manyoya, nyuzi na vumbi kubwa. Vumbi jepesi la kiangazi, kati ya Juni na Septemba, linapita. Likipita linakutana na koili iliyolowa na feni yenye unyevu, linashika, na likikauka linakuwa udongo. Duka hili mlango wake unaelekea barabarani na hufunguliwa kutwa. Pia filta zilikuwa zinarudishwa zikiwa bado zina maji, jambo linaloongeza matope. Na juu ya kiyoyozi, kwenye rafu, kulikuwa na maboksi yaliyosogea hadi yakaacha upenyo mwembamba tu. Kiyoyozi cha ukutani kinavuta hewa kutoka juu. Kinahitaji kama sentimita 15 zilizo wazi juu yake, na haijalishi chini kunapuliza vizuri kiasi gani.

Kusafisha feni kunataka subira kidogo. Zima saketi breka, si rimoti peke yake. Funika bodi na mota kwa nailoni, tundika mfuko wa kuoshea chini ya yuniti upeleke maji kwenye ndoo, kisha nyunyizia dawa ya koili isiyo na asidi na usubiri ilainishe. Tumia pampu ya mkono yenye msukumo mdogo; mashine ya kuoshea magari inalaza mapezi. Koili piga brashi kwa kufuata mapezi, juu kwenda chini, usikatishe. Feni ikiwa na uchafu kama ule, ni afadhali kuilegeza skrubu yake na kuichomoa uioshe nje, kwa sababu ukiisafisha nusu itakosa uwiano na kuanza kutetemeka. Maji ya feni hii yalitoka rangi ya chai ya rangi, na mama akaacha kunitetea filta zake.

Baada ya kukauka, maboksi yakiwa yameteremshwa, tukawasha kwa nyuzi 24, spidi ya juu. Upepo ulikuwa wa nguvu. Hapo ndipo geji ikaanza kusema kweli: 155 psi. Hiyo ni koili ya nyuzi 12 au 13, isiyoweza kupoza wala kukausha hewa ya chumba sawasawa. Klampu mita kwenye waya wa kompresa ikasoma ampea 6.4, wakati kibandiko cha mashine kinasema 5.2. Gesi yote iliyoongezwa mara mbili ilikuwa imebaki ndani, imezidi. Wakati koili ikiwa imeziba, gesi ile ya ziada ilipandisha presha kidogo ikachelewesha barafu, na hiyo ndiyo maana ya zile siku kadhaa za kupoa.

Gesi iliyozidi hairekebishwi kwa kuachia kidogo hewani huku ukitazama geji. R410A ni mchanganyiko wa gesi mbili, na kipimo chake ni uzito. Nikaivuta yote kwenye mtungi wa kurudishia, nikapiga vakyumu, kisha nikajaza gramu 900 kama kibandiko kinavyotaka, mtungi ukiwa juu ya mizani na umegeuzwa ili itoke kama kimiminika. Mwisho: 125 psi, ampea 5.1, hewa inaingia nyuzi 27 na kutoka 15. Tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 kati ya hewa inayoingia na inayotoka ni nzuri kwa hali ya hewa yetu ya kando ya ziwa yenye unyevu. Mashine ikikupa nyuzi 18 za tofauti usifurahi. Mara nyingi ina maana upepo ni mdogo na barafu iko njiani.

Kabla ya kuondoka kwenye habari ya hewa, kuna sababu mbili ndogo zinazosahaulika. Kapasita ya mota ya feni ya ndani, ambayo mara nyingi ni ya maikrofaradi 1 hadi 2 na imechomelewa kwenye bodi, ikichoka feni inazunguka polepole ingawa ni safi. Na umeme ukishuka sana chini ya volti 200, feni hupunguza mwendo pia. Pima volti mchana na jioni watu wanapowasha vitu vyao, si asubuhi tu.

Sasa upande wa pili, gesi ikiwa kidogo kweli. Umeyeyusha, umesafisha, upepo ni mzuri, na bado geji inasoma chini ya 100, bomba nene ni kavu, jembamba linaota theluji kwenye nati, na ampea ziko chini ya kibandiko. Hapo huna ubishi. Ila gesi haiishi kama petroli. Mzunguko umefungwa, kama imepungua, kuna mahali inatokea, au aliyefunga mara ya kwanza hakuijaza ya kutosha kwa urefu wa bomba. Kuongeza bila kutafuta tundu ni kumwekea mteja miadi ya kukuita tena.

Pa kuanzia ni nati za flea, zile nne: mbili nje, mbili nyuma ya yuniti ya ndani. Gesi inapotoka hutoka na oili kidogo, na oili inakamata vumbi. Nati yenye doa jeusi la mafuta kwenye mabomba yaliyo safi imejitaja yenyewe. Paka povu la sabuni ya maji nzito, subiri, tazama kwa tochi. Tundu dogo linaweza kuchukua dakika nzima kutoa kipovu kimoja. Paka povu mashine ikiwa imezimwa, maana presha ya upande wa ndani inapanda ikisimama.

Flea iliyovuja usiikaze tu kwa nguvu. Ifungue uangalie mdomo wa bomba: ukiwa na ufa, umekaa upande au una alama ya mchubuko, kata, ondoa kingo kali huku mdomo wa bomba ukitazama chini ili chenga zisiingie, piga flea mpya, ipake oili ya mashine na ukaze. Kwa bomba la robo inchi niutoni-mita 15 hadi 18 zinatosha. La tatu kwa nane ni 35 hadi 42. Mikono yenye nguvu nyingi ndiyo inayopasua flea nyingi kuliko mikono milegevu.

Kisha ijaribu kwa naitrojeni, 350 hadi 400 psi, uiache hadi kesho. Kwa naitrojeni tu. Mtungi wa oksijeni wa wachomeleaji uko karibu kila gereji, na mtu anaweza kushawishika. Oksijeni yenye presha ikikutana na oili ya kompresa inalipuka, na imeua watu. Ikishika usiku kucha, piga vakyumu hadi chini ya maikroni 500, funga valvu, na uone kama inabaki. Ikipanda ikatulia mahali, bado kuna unyevu ndani. Ikipanda bila kusimama, bado kuna tundu. Mashine ikiwa ya R32 au R290, kumbuka gesi hizo zinawaka moto: fungua madirisha, na kusiwe na sigara wala tochi ya kuchomelea karibu hadi mzunguko uwe mtupu.

Kuna barafu ya tatu inayofanana na ya gesi kidogo lakini si yake. Kipimo ni kwamba gesi imejazwa kwa mizani sawasawa na presha bado iko chini. Pitisha mkono kwenye bomba jembamba toka nje hadi ndani. Likiwa la kawaida mpaka mahali fulani, kisha theluji ikaanza ghafla, pale pamebanwa. Mara nyingi ni kona ya bomba nyuma ya yuniti ya ndani, lilipokunjwa kwa haraka kupitishwa kwenye tundu la ukuta. Theluji ikianzia kwenye kapilari yenyewe au drayer iliyo kabla yake, kuna uchafu ndani. Na kama kiyoyozi kinapoa, kinaacha, ukikizima nusu saa kinapoa tena bila barafu kuonekana kwenye koili, shuku unyevu unaoganda kwenye mdomo wa kapilari. Hilo ni tunda la kufunga mashine bila kupiga vakyumu, na dawa yake ni drayer mpya na vakyumu ndefu.

Baada ya hapo waulize wenye nyumba wanakitumiaje. Rimoti kwenye 16, spidi ya chini, usiku wa Julai mvua imekata na nje kumepoa, chumba kidogo kimefungwa: joto la kuivukisha gesi halipo, na mashine isiyo na kasoro itaganda. Waambie waweke 24 na spidi ya juu kisha uone kama tatizo litarudi.

Mashine nyingi za sasa zilitakiwa zijilinde zenyewe. Kwenye koili ya ndani kuna senza ndogo ya shaba ndani ya kikombe chake. Ikiona koili inakaribia sifuri, bodi inazima kompresa na kuacha feni iyeyushe. Koili ikiwa imeganda kabisa na kompresa bado inaunguruma, ichunguze hiyo senza, hata kama umeshapata sababu nyingine. Mara nyingi imechomoka kwenye kikombe wakati wa usafi na inaning'inia hewani ikipima joto la chumba. Ikiwa imekaa vizuri, ichomoe kwenye bodi na uipime: senza ya kilo-om 10 kwenye nyuzi 25, ukiitumbukiza ncha yake kwenye glasi ya maji yenye vipande vya barafu, inapaswa kupanda polepole hadi kilo-om 32 hivi. Ikibaki palepale, au ikapanda kidogo tu, imekufa. Nunua yenye om zilezile na urefu wa waya uleule, kwa sababu ya kilo-om 5 kwenye bodi ya kilo-om 10 itaidanganya mashine kila saa, na huku kwetu kusubiri nyingine itoke Dar es Salaam si jambo la siku moja.